Boriti, kaskazi na kusi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuchunguza biashara ya majahazi mahali pako

Majibu haya ni kwa mtu anayetaka kuandika historia ya biashara ya vyombo vya tanga katika mji au kijiji chake, akitumia ushahidi anaoweza kuushika. Nimeifuata shehena moja tu, boriti za mikoko zilizotoka Lamu na Rufiji kwenda Arabuni na Ghuba. Ukishajua kuifuatilia hiyo, nyingine hazitakusumbua.

Kwa nini boriti? Mbona si pembe za ndovu au karafuu?

Kwa sababu boriti haikupotea. Pembe ilikwenda ikachongwa vitu vidogo nchi za mbali, na karafuu ililiwa. Boriti iliwekwa darini na mpaka leo iko pale, huku kwetu na ng'ambo pia. Ukiingia nyumba kongwe ya mawe Lamu, Pate au Unguja, ukiinua kichwa unaona bidhaa ileile iliyopakiwa majahazini.

Tena biashara yenyewe ni ya kale sana. Al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, anaueleza mji wa Siraf katika pwani ya Uajemi kwamba nyumba zake zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani kwetu. Nchi za Ghuba zina joto, mawe na udongo, lakini miti mirefu iliyonyooka ni haba. Sisi tulikuwa na mikoko. Hapo ndipo biashara ilipozaliwa.

Boriti ni mti gani, na ilihesabiwaje?

Watu wengi husema "boriti" kwa mti wowote wa kuezekea, lakini wakataji na mabaharia hawakusema hivyo. Kwao lilikuwa jina la kipimo. Miti ya mikoko ilipangwa kwa unene: fito ndiyo nyembamba kabisa, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, halafu nguzo. Kwa vipimo vya leo, boriti ina unene wa sentimita 11 hadi 14 hivi, na mazio iko chini kidogo ya hapo. Mti uliopendwa zaidi ni mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayosimama kama miguu ya buibui, pamoja na ule ambao Wakenya huuita muia na Watanzania wengi huuita msinzi.

Hesabu ilikwenda kwa korija, na korija moja ni miti 20. Ukikuta karatasi imeandikwa "korija 80", usidhani ni mizigo 80. Ni miti 1,600. Nimewaona wanafunzi wakilikosa hili, wakaandika kwamba biashara ilikuwa imedorora mwaka ambao kwa kweli ilikuwa imechangamka.

Safari ilikwendaje kwa mwaka mzima?

Upepo ndio uliopanga. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Machi, na ndio ulioshusha vyombo kutoka Arabuni. Kusi hushika kuanzia Aprili na kuendelea mpaka Septemba au zaidi, na ndio uliowarudisha. Lakini kusi ya Juni na Julai ni kali mno. Nahodha mwenye akili aliondoka mapema, mwanzo wa kusi, kabla bahari haijachafuka.

Tuna safari moja iliyoandikwa kwa undani usio wa kawaida. Desemba 1938, baharia Mwaustralia Alan Villiers alipanda bumu, yaani chombo kikubwa cha tanga cha Ghuba, la Kuwait lililoitwa Bayan pale Aden, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Waliteremka na kaskazi, wakapita Mogadishu, Mombasa na Unguja, wakiuza na kushusha abiria njiani. Baada ya hapo waliingia delta ya Rufiji, wakapakia miti ya mikoko katika matope na mbu, wakarudi na kusi mpaka Kuwait, walikofika Juni 1939. Villiers alipiga picha nyingi, na picha hizo zina thamani kuliko maneno yake, kwa sababu kamera haichagui: nyuma ya nahodha unaona kamba, foromali inayobeba tanga, namna miti ilivyolazwa, na nguo za mabaharia.

Angalia jinsi mwaka unavyofungamana. Kwenda juu kulitegemea kusi, kwa hiyo kupakia kulipaswa kuisha Machi au Aprili. Kwa hiyo wakataji wa Rufiji na Lamu walipaswa kuwa wamekata na kuzipanga korija kabla ya hapo. Kazi ya mkataji kijijini ilipangwa na upepo ambao yeye mwenyewe hakuusafiria. Hilo ni jambo la kuuliza kila unapozungumza na familia za wakataji: mlikuwa mkikata miezi gani, na kwa nini hiyo?

Nianze na chanzo gani?

Anza na nyumba. Wengi hukimbilia nyaraka au wazee kwanza, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu hawajui cha kuuliza. Nyumba haikudanganyi kwa makusudi, na vipimo vyake vitakupa maswali.

Ukishapima, nenda kwenye karatasi. Kwa Rufiji, utawala wa Kijerumani uliiweka mikoko chini ya idara ya misitu tangu miaka ya 1890, na pale Salale pakawa na kituo cha misitu. Mkataji alihitaji kibali, na kibali huacha karatasi. Majalada ya Kijerumani na ya Kiingereza yako katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam. Ya Unguja yako Kilimani, na ya pwani ya Kenya yako Nairobi. Wazee waache mwisho, utakapokuwa tayari kuwasikiliza sawasawa.

Nitaisomaje dari?

Chukua futi ya utepe, kalamu, na mtu wa kukushikia ngazi. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, na ukiambiwa chumba fulani hakiingiwi, usikiingie.

Pima kwanza upana wa chumba, ukuta kwa ukuta. Katika nyumba kongwe za mawe utapata mita mbili na nusu hadi tatu hivi, chumba baada ya chumba, hata kama mwenye nyumba alikuwa tajiri. Vyumba ni virefu lakini vyembamba. Si mapenzi ya fundi. Boriti haikuweza kubeba dari ya matumbawe na chokaa kwa urefu unaozidi hapo bila kupinda. Mkoko ndio uliomchorea fundi ramani.

Kisha hesabu boriti, na upime nafasi kutoka katikati ya moja mpaka katikati ya nyingine. Tuseme chumba kina urefu wa mita 6 na boriti zimeachana sentimita 30. Sita ukigawa kwa 0.3 unapata 20, yaani korija moja kamili. Hapo ndipo karatasi inapoanza kusema. Jahazi lililopakia korija 100 lilikuwa limebeba dari za vyumba kama 100 vya ukubwa huo. Namba iliyokuwa imelala kwenye jalada inageuka kuwa mtaa.

Sasa mitego. Boriti zilizochongwa pembe nne na kupakwa rangi ni za nyumba za wenye mali. Za mviringo zenye alama za gome huenda zikawa za zamani au za juzi, usiamue kwa hilo tu. Tazama ncha zinapoingia ukutani: kama chokaa ya kuzunguka ncha ni ya rangi tofauti na ya ukuta wote, boriti hiyo imebadilishwa. Boriti zikiachana bila mpangilio, hapa karibu na pale mbali, dari imetengenezwa zaidi ya mara moja, na hesabu yako ya korija haifai. Na ukikuta chumba cha upana wa mita nne au tano, tafuta boriti ya msaji, chuma au zege. Hicho si chumba cha mkoko.

Mzee ananisimulia kisa kizuri bila mwaka. Nifanyeje?

Wazee wengi hawakumbuki kwa miaka ya Kizungu, lakini wanakumbuka kwa mwezi mwandamo, kwa upepo na kwa sarafu. Vitu hivyo vitatu vinatosha kukupa mwaka, au angalau kukuonyesha mwaka usiowezekana.

Tuchukue kisa cha kubuni, ila ni cha aina ninayoisikia mara nyingi. Mzee aliyezaliwa karibu 1937 anasema: "Nilikuwa mtoto, sijaota ndevu. Bumu la Waarabu likafika na kaskazi, mwezi wa Ramadhani. Nahodha akafuturu nyumbani kwetu."

Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida. Mzee alikuwa mtoto asiyeota ndevu tuseme kati ya 1944 na 1950. Mwaka 1944 Ramadhani ilianza Agosti, na mwaka 1950 ilianza katikati ya Juni. Miaka yote hiyo Ramadhani iliangukia kwenye kusi. Bumu la Arabuni haliteremki na kusi. Kwa hiyo kisa, jinsi kilivyosimuliwa, hakikutokea.

Usiseme mzee anadanganya. Tafuta ni lini kingeweza kutokea. Vyombo vingi vilifika kati ya Januari na Machi. Ramadhani iliangukia katika miezi hiyo kwa sehemu kubwa kuanzia Machi 1926 mpaka Januari 1933 hivi, kisha haikurudi hapo hivyo mpaka Machi 1959, ikakaa mpaka Januari 1966 hivi. Kwa hiyo kuna madirisha mawili tu. La kwanza, mzee hajazaliwa; kisa ni cha baba yake, na amekisikia mara nyingi mpaka kimekuwa chake. La pili, mzee alikuwa kijana wa miaka 22 na kuendelea, na si mtoto. Kuna uwezekano wa tatu: chombo hakikuwa bumu la Arabuni bali jahazi la mwambao, lililokwenda na kurudi hapa hapa pwani hata wakati wa kusi, na nahodha wake akawa Mwarabu.

Rudi kwa mzee bila kumbana. Ukimwuliza "Una hakika?" umekwisha, atasema ndiyo. Uliza kitu kidogo.

"Shikamoo, babu. Lile bumu, lilikuwa na mashine?"

"Mashine? La. Tanga tupu. Baba alisema tanga lilikuwa limetoboka kama wavu."

Umesikia? "Baba alisema." Dirisha la kwanza. Na bumu lisilo na mashine linaafikiana nalo, kwa kuwa vyombo vya Ghuba vilianza kutiwa mashine kwa wingi baada ya Vita vya Pili. Kisa bado kina thamani kubwa, ila sasa unakiandika kama mapokeo ya familia kutoka miaka ya 1926 hadi 1933, na si kama aliyoyaona mzee kwa macho yake.

Na akisema malipo yalikuwa kwa rupia?

Hapo wengi huruka haraka. Kenya na Tanganyika ziliacha rupia mwanzoni mwa miaka ya 1920, shilingi ikashika. Lakini Unguja iliendelea na rupia mpaka mwanzo wa 1936. Na mabaharia wa Kuwait na Bahrain waliendelea kuhesabu kwa rupia mpaka miaka ya 1960. Kwa hiyo "rupia" peke yake haikupi mwaka. Uliza nani aliyelipa na wapi. Mkataji wa Rufiji aliyelipwa rupia na serikali ni wa kabla ya shilingi. Baharia aliyezungumzia bei ya korija kwa rupia huenda alikuwa akihesabu kwa fedha ya kwao.

Vitabu vya forodha vinaaminika?

Vinaaminika kwa kile kilichopita mbele ya karani. Vyombo vilivyopakia kwenye hori usiku na kuondoka na umande wa alfajiri havimo. Hesabu ya forodha ni kima cha chini cha biashara, na iandike hivyo.

Bendera nayo ni mtego. Mwishoni mwa karne ya 19 wenye vyombo wengi wa Sur, Omani, walikuwa wakipeperusha bendera ya Ufaransa ili manowari za Waingereza zisiwapekue. Ugomvi huo ulifika mpaka mahakama ya usuluhishi ya Hague, ikatoa hukumu mwaka 1905. Kwa hiyo chombo kilichoandikwa "cha Kifaransa" kwenye kitabu cha bandari kinaweza kuwa na nahodha, mabaharia na mwenye mali wote wa Sur.

Halafu majina. Vyombo viliitwa kwa majina ya baraka, na jina moja lilirudiwa mara nyingi. Fathil Kheri wa 1902 na Fathil Kheri wa 1910 si lazima wawe chombo kimoja. Linganisha nahodha, bandari ya kwao na tani. Vikilingana viwili kati ya hivyo vitatu, unaweza kuanza kuamini.

Nyaraka za Kiingereza zinasema "dhow" kila mahali. Je, ni dau hili letu?

Hapana. Waingereza walichukua neno linalofanana na dau wakalitumia kwa chombo chochote cha tanga la pembe tatu, kiwe kidogo au kikubwa. Kwetu dau ni chombo kidogo, na mtu wa Lamu hawezi kuliita bumu la Kuwait dau isipokuwa kwa kulikebehi. Ukiandika Kiswahili kutoka nyaraka hizo, usitafsiri "dhow" mpaka ujue chombo chenyewe. Angalia tani, mabaharia wangapi, milingoti mingapi, kimetoka wapi. Kikikosa vyote hivyo, andika "chombo cha tanga" uishie hapo. Ni afadhali neno pana kuliko neno la uongo.

Na jambo moja zito zaidi: baada ya mkataba wa Juni 1873 uliofunga soko la watumwa Unguja, manowari za Waingereza ziliandika sana kuhusu vyombo zilivyovikamata. Ripoti hizo ni nyingi, na zinasimulia uovu wa kweli. Lakini chombo kilichobeba boriti na tende hakikuwa na sababu ya kuandikiwa ripoti. Ukisoma ripoti za manowari peke yake utadhani bahari yote ilibeba watumwa. Ukisoma vibali vya misitu peke yake utadhani haikuwabeba kabisa.

Na sisi wa maziwani?

Mbinu ni ileile, vyanzo ndivyo vinavyobadilika. Maziwani hakuna msimu wa kaskazi na kusi unaopanga mwaka mzima wa biashara kama baharini. Pepo za nchi kavu na za ziwani hubadilishana ndani ya siku moja. Kwa hiyo njia niliyoieleza ya Ramadhani na upepo haitakusaidia.

Majahazi ya mtindo wa pwani yalifika maziwani na wafanyabiashara wa karne ya 19, yakajengwa hukohuko. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza Speke alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge, akitaka kukodi jahazi la mfanyabiashara Mwarabu aliyekaa huko, na akarudi mikono mitupu. Katika Ziwa Viktoria, mfanyabiashara Songoro alijenga jahazi Ukerewe. Wamisionari wa Kiingereza walilinunua kwake, na Desemba 1877 ugomvi wa Songoro na mtawala Lukonge ukaishia kwa kuuawa Songoro mwenyewe pamoja na wamisionari wawili, Shergold Smith na O'Neill.

Karibu kila tulichonacho kwa maandishi kuhusu kisa hicho kinatoka upande wa misheni. Ukiwa Ukerewe, kazi yako ni kutafuta upande wa Lukonge katika mapokeo ya huko, na kuuliza jahazi lilijengwa kwa mti gani na kukatwa wapi. Kwa swali hilo, fundi wa mitumbwi atakuwa na la kukuambia kuliko maktaba.

Biashara ya boriti iliisha lini?

Haikuisha siku moja. Baada ya Vita vya Pili fedha za mafuta ziliijaza Ghuba saruji na chuma, na nyumba za boriti zikabomolewa kupisha za zege. Mapinduzi ya Januari 1964 yalivunja mengi kati ya mahusiano yaliyokuwa yakiwaleta manahodha Unguja. Kenya ilipiga marufuku kusafirisha miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982. Kwa hiyo ukimkuta Lamu mtu anayekumbuka kupakia chombo cha mwisho cha Arabuni, kumbukumbu yake lazima iwe ya kabla ya hapo, au iwe ya chombo kilichoondoka bila karani kujua. Mwulize ni ipi kati ya hizo, akiwa peke yake, na daftari ukiwa umelifunga.